Kumkaribisha mwanamemba mpya kundini: jinsi msimamizi anavyoandika ukaribisho unaomhusu mgeni mwenyewe

Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya watu wanaofanya kazi moja, kama lile la washonaji wa Bukavu na Goma ambalo mimi na wenzangu wawili tunalisimamia. Nitashughulika na kipande kimoja tu cha kazi yetu, yaani siku ya kwanza ya mgeni na siku chache zinazoifuata, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tukipoteza watu: mtu aliingia jioni, akasoma, akanyamaza, na baada ya juma moja hakuwapo tena. Yote nitakayoyaeleza tumeyajaribu, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya mimi mwenyewe.

Inafaa kwanza kukumbuka mgeni anaona nini anapoingia. Kwa kawaida simu yake haimwonyeshi ujumbe wowote ulioandikwa kabla yake. Anaona ukurasa ulio karibu mtupu, wenye mstari mmoja unaosema kwamba ameingia kwa kiungo au ameongezwa na fulani, kisha mazungumzo ya wengine yanaanza kupita mbele yake katikati, bila mwanzo. Msimamizi, ambaye kwenye simu yake kundi lina miaka na majina na mambo yaliyokwisha kuzungumzwa, husahau upesi kwamba mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Ukaribisho mwingi mbaya unatokana na kusahau huko.

Hatua ya kwanza: kusanya machache unayoyajua kabla ya kuandika

Usiandike papo hapo. Jipe dakika tano za kutazama mambo matatu: jina ambalo mgeni amejiandikia kwenye simu yake, mtu aliyemleta, na maneno yake ya kwanza kama ameshasema. Katika hayo matatu, maneno yake mwenyewe ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, na mtu aliyemleta anafuata. Ukimwuliza huyo faraghani, «Huyu uliyemleta anapenda kuitwa nani, na anashona nini?», mara nyingi utapata jibu la mstari mmoja linalotosha kabisa.

Picha iiache. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mgeni mmoja alikuwa na picha ya mzee mwenye mvi na jina lisiloonyesha kama ni la mume au la mke, nami nikaandika mbele ya watu wote, «Karibu Papa, tunafurahi kumpata mtu mzima mwenye uzoefu.» Aliyeingia alikuwa binti anayejifunza kushona, na mzee yule alikuwa baba yake aliyefariki miezi michache kabla. WhatsApp inamruhusu mtu kurekebisha ujumbe wake kwa dakika 15 tu baada ya kuutuma, na mimi niliambiwa kosa langu kesho yake. Nilimwomba radhi faraghani, akanisamehe kwa maneno mazuri, lakini ndani ya kundi hakuwahi kuandika chochote.

Hapa suala la kumwita mtu linastahili uangalifu, maana katika miji yetu jina tupu halitoshi na cheo kisicho chake humuumiza. Mwanamke wa makamo huko Bukavu atapenda kuitwa Mama, pengine kwa jina la mtoto wake. Msichana asiye na mtoto anaweza kuona kwamba umemzeesha. Yaya ni heshima kwa anayekuzidi umri kidogo, Papa ni kwa mtu mzima, na mwanamemba wa Lubumbashi aliyezoea kumsalimia mkubwa kwa wingi, «Jambo yenu», anaweza kushtuka akiambiwa «wewe» kavu na mtu asiyemjua. Kama umri na hali yake huvijui, tumia jina la kazi. Sisi tunasema Fundi, na neno hilo halina mume wala mke, halina mkubwa wala mdogo, na kila mshonaji hulipokea kwa furaha. Lugha yenyewe inatusaidia pia, kwa kuwa «yeye» na «ameingia» havitenganishi mwanamume na mwanamke. Unaweza kuandika ukaribisho mzima bila kubahatisha hata mara moja. Mara tu mgeni anapojiita kwa namna fulani, iwe Mama fulani au jina lake peke yake, mfuate bila kuongeza wala kupunguza.

Tazama pia lugha aliyoitumia. Aliyejitambulisha kwa Kifaransa umjibu kwa Kifaransa kwanza, na sentensi ya mwisho uiandike kwa Kiswahili ili wengine wafuate. Aliyeandika Kiswahili cha mtaani kwake usimsahihishe kwa kumjibu kwa Kiswahili cha vitabu kisichokwisha. Kitendo hicho, hata kikifanywa kwa nia njema, humwambia kwamba amekosea mlango.

Hatua ya pili: mwandikie faraghani kwanza

Ujumbe wa faragha hutangulia ule wa kundini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba unakupa ruhusa ya kusema mbele ya watu yale unayoyajua. Ya pili ni kumlinda.

Kila anayeingia katika kundi la WhatsApp anaonyesha namba yake ya simu kwa wote waliomo. Kwetu kuna zaidi ya watu mia tatu, na sisi wasimamizi hatuwezi kusema kwamba tunawafahamu wote. Tumeshaona watu wanaoingia kwa ajili ya namba hizo tu. Wanamngojea mgeni, ambaye bado hajui msimamizi ni nani, kisha wanamwandikia faraghani wakijifanya sisi: wanamwomba «ada ya kuandikishwa», au wanamwambia kwamba amepokea namba za tarakimu sita na azitume ili akubaliwe kundini. Tarakimu hizo sita ndizo ambazo WhatsApp hutuma wakati akaunti inapofunguliwa kwenye simu nyingine, na anayezitoa anaweza kupoteza akaunti yake. Mgeni ndiye anayedanganyika kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana onyo hili halifai kungoja.

Ujumbe wetu wa faragha una sentensi tano au sita, na unafanana na huu:

«Jambo Fundi. Mimi ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kundi la washonaji uliloingia leo jioni. Majina yetu matatu utayaona juu ya orodha ya wanamemba. Ungependa tukuite nani mbele ya wenzetu? Na je, naweza kutaja mji wako, au tuuache? Tafadhali ujue kwamba hakuna msimamizi atakayekuomba pesa wala tarakimu zozote zilizokuja kwenye simu yako.»

Swali la mji si la adabu tu. Zamani tulikuwa tukiomba kila mgeni aandike jina kamili, mtaa na mahali pa kazi, kwa kuamini kwamba ndivyo watu wanavyojuana. Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, watu wengi wamehama, wengine wakiwa hawataki ijulikane wako wapi, na mwenye mashini mbili au tatu nyumbani hana sababu ya kuwatangazia watu mia tatu mtaa wake. Kwa hiyo mtaa hatuutaji kamwe, na mji tunautaja tu mwenyewe akikubali. Kama hajajibu ndani ya saa moja hivi, andika ukaribisho wa kundini bila mahali popote; mtu anaweza kuwa hana mega au umeme umekatika, na si vizuri angoje hadi kesho ndipo asalimiwe.

Hatua ya tatu: andika ukaribisho wa kundini

Nitatumia mfano mmoja uliotokea kwetu, nikiwa nimebadilisha jina. Tumwite Mama Neema. Aliingia siku ya Jumanne, yapata saa mbili usiku, akiletwa na mteja wake wa zamani, na baada ya dakika chache akaandika hivi:

«Jambo yenu wote. Niko mushonaji wa hapa Bukavu. Mashini yangu inakata uzi kila saa, mafundi munisaidie.»

Hayo ni maneno machache, lakini yana kila kitu kinachohitajika: amesalimia, amesema kazi yake, ametaja mji kwa hiari yake, na ameleta shida. Mwenzangu aliyekuwa zamu alikuwa na maandishi yaliyohifadhiwa kwenye simu, ambayo tulikuwa tukiyabandika kwa kila mgeni:

«Karibu sana ndugu mwanamemba mpya katika kundi letu pendwa! Jisikie uko nyumbani. Tafadhali soma kanuni zilizoandikwa hapo juu, kisha ujitambulishe kwa majina kamili, mtaa, umri na kazi.»

Tuyapime maandishi haya mbele ya Mama Neema. Yanamwambia ajitambulishe, ilhali ameshajitambulisha. Kwa hiyo atajua kwamba hakuna aliyesoma. Yanamwelekeza «hapo juu», mahali ambapo kwake hakuna kitu. Yanamwomba mtaa wake mbele ya watu asiowajua. Na juu ya uzi unaokatika hayasemi neno. Yangeweza kubandikwa kwa mtu mwingine yeyote bila kubadilisha herufi, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: ninafunika jina kwa kidole, ninasoma yaliyobaki, na kama siwezi kujua ni nani anayeambiwa, ninaandika upya.

Mimi nilipojaribu kurekebisha, nilikosea kwa upande mwingine. Niliandika mistari kumi na mbili kuhusu sindano butu, uzi wa bei nafuu wenye mafundo, mkazo wa uzi na jinsi ya kusafisha vumbi la kitambaa lililokusanyika chini ya bamba. Hakukuwa na uongo ndani yake. Lakini niliposoma tena kabla ya kutuma niliona kwamba nimefanya kazi ya kundi zima peke yangu: mafundi wetu, ambao furaha yao ni kujibu maswali kama hayo, walibaki bila la kusema, na Mama Neema angejibu nini zaidi ya «asante»? Ukaribisho unaojibu kila kitu hufunga mazungumzo siku ile ile yalipoanza. Isitoshe, sikuwa nimeuliza jambo ambalo fundi yeyote angeliuliza kwanza.

Tulichotuma mwishowe ni hiki, kikiwa kimenukuu ujumbe wake mwenyewe:

«Jambo sana Mama Neema, karibu kwetu mafundi. Tumesoma kwamba mashini yako inakata uzi kila saa, na tunajua jinsi hilo linavyochelewesha kazi ya watu. Papa Fundi wetu anayetengeneza mashini za kukanyaga ameuona ujumbe wako na atakujibu kesho asubuhi akishafungua kazi. Ili aanze vizuri, utuambie jambo moja tu: uzi unaokatika ni wa juu au wa chini?»

Sentensi ya kwanza ina jina analopenda kuitwa na salamu ya namna aliyoizoea. Neno «kwetu mafundi» linamweka ndani ya kazi, si ndani ya simu tu. Mshonaji anayefanya kazi peke yake chumbani mwake huenda hajaambiwa hivyo kwa muda mrefu.

Sentensi ya pili inarudisha maneno yake, «kila saa», kama alivyoyaandika. Tungeweza kuandika «mara kwa mara», lakini maneno ya mgeni yanaporudi kama yalivyotoka anajua kwamba yamesomwa na mtu. Nyongeza kuhusu kuchelewesha kazi ya watu haikumsifu wala kumhurumia kupita kiasi. Ilionyesha tu kwamba anayeandika amewahi kukaa mbele ya mashini wakati mteja anangojea nguo yake ya sherehe.

Sentensi ya tatu inamtaja mtu mmoja. Hapa kuna kazi isiyoonekana: kabla ya kuandika tulimwuliza Papa Fundi faraghani kama yuko tayari, na yeye ndiye aliyesema «kesho asubuhi». Usimwahidi mgeni mtu ambaye hujamwomba, wala saa ambayo hakuisema mwenyewe. Tuliwahi kumtaja fundi aliyekuwa safarini ziwani kati ya Goma na Bukavu, simu yake ikiwa haina mtandao, na mgeni alingoja siku mbili akidhani anadharauliwa. Ukimtaja mtu kwa alama ya @ na kuchagua jina lake, simu yake itamjulisha hata kama amelinyamazisha kundi. Ni jambo la msaada, lakini pia ni sababu ya kutoitumia alama hiyo bila idhini yake.

Sentensi ya nne ni swali, na ninaliona kuwa moyo wa ujumbe wote. Linajibiwa kwa neno moja, «juu» au «chini», kwa hiyo haliogopeshi hata mtu asiyezoea kuandika. Tena ni swali la kweli, ambalo fundi analihitaji: uzi wa juu ukikatika, anatazama sindano, njia ya uzi na mkazo wa juu, na wa chini ukikatika, anatazama bobini na kisanduku chake. Maswali kama «Unapenda nini?» au «Tueleze habari zako» yanaonekana ya upole, lakini yanamlazimisha mgeni kutunga insha mbele ya watu mia tatu asiowajua, na wengi hunyamaza. Kama hujui swali gani lifae, mwombe mtu wa kazi hiyo akupe moja.

Mama Neema alijibu baada ya dakika nne: «Ya juu.» Asubuhi Papa Fundi alimwomba apige picha ya sindano ilivyokaa, na ikaonekana kwamba aliyembadilishia aliiweka ikiwa imegeuka, upande wake bapa ukielekea kusikofaa. Jambo lenyewe lilichukua dakika tano.

Kama mgeni hajasema kitu

Mama Neema alitupa mwanzo, wengi hawatoi. Wanaingia kwa kiungo, hawaandiki, na yule aliyewaletea kiungo hajulikani. Katika hali hiyo usijifanye kuwa unawajua. Mwite Fundi, au kwa jina aliloliandika kwenye simu yake, kisha mpe kitu kilichomo kundini leo: «Karibu Fundi. Asubuhi hii tunazungumzia jinsi ya kukata kikwembe chenye maua makubwa bila kuvunja mpangilio wa maua mgongoni. Wewe huanza kukata mbele au nyuma?» Ujumbe huo haumhusu mgeni kwa kuwa hatujui habari zake, bali unamhusu kwa kuwa unamweleza mazungumzo ambayo hakuona mwanzo wake na kumwonyesha pa kuingilia. Ni sentensi tatu tu, na zinabadilika kila siku kwa sababu mazungumzo yanabadilika, kwa hiyo haziwezi kuhifadhiwa na kubandikwa.

Wakiingia watu wanne au watano siku moja, ujumbe mmoja unatosha, mradi kila mmoja awe na jina lake na jambo lake, hata kama ni nusu sentensi. Wakizidi hapo, gawanya. Orodha ya majina kumi na mawili yaliyofuatwa na «karibuni nyote» ni tangazo, na kila mtu aliyemo anahisi hivyo.

Aliyejitambulisha kwa sauti ajibiwe kwa sauti. Kati yetu kuna mafundi hodari sana ambao kusoma kunawachosha, na ukurasa wa maandishi ni ukuta kwao. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha; sema jina lake mapema, ili ajue kwamba ni yeye anayeambiwa, kisha uandike swali peke yake chini ya sauti hiyo kwa ajili ya wale ambao hawawezi kusikiliza wakiwa kazini. Picha za maua zenye neno «Karibu» tumeziacha kabisa, kwa sababu zinakula mega za watu mia tatu na hazina neno moja linalomhusu aliyeingia.

Hatua ya nne: mlinde mgeni na wingi wa salamu

Hili lilitusumbua kuliko mengine, kwa kuwa limesimama juu ya adabu yetu. Mtu akiingia, kila mmoja anataka kusema karibu, na kumnyima mtu nafasi ya kumsalimia mgeni ni jambo baya kwetu. Lakini «Karibu» arobaini zikifuatana, jibu la mgeni linazama katikati yake, fundi aliyeombwa msaada halioni, na waliochoka na milio ya simu wanalinyamazisha kundi.

Hatukukataza. Tuliwaomba wanamemba kwamba wenye salamu tu waweke alama ya mkono au ya moyo juu ya ujumbe wa ukaribisho, na wenye neno la kuongeza waandike. Mwanamke anayeandika, «Mama Neema, hata mimi mashini yangu ilinisumbua hivyo mwaka jana,» amefanya zaidi ya watu thelathini waliosema karibu. Ombi hilo tuliliandika mara moja, tukalirudia baada ya miezi mitatu, na sisi wasimamizi wenyewe tukaanza kulifuata. Wazee wachache bado huandika salamu zao ndefu zenye baraka, nasi tunawaacha, kwa kuwa kwao ndivyo mgeni anavyopokelewa na wageni huzifurahia.

Kanuni ziingie lini

Kanuni zote ziko katika maelezo ya kundi, mahali ambapo mgeni anaweza kuzifikia hata kama hakuona mazungumzo ya zamani. Ndani ya ukaribisho usiweke yoyote, isipokuwa ile moja ambayo mgeni huyu anaelekea kuivunja leo. Anayeuza vitambaa, kwa mfano, ambaye ameingia na picha kumi za bidhaa, aambiwe mapema, faraghani na kwa upole, kwamba matangazo yetu ni ya siku ya Jumamosi, na kwamba siku hiyo watu watangoja kuona alichonacho. Ukimwambia mbele ya wote, hata kwa maneno matamu, umemkaribisha na kumwaibisha kwa wakati mmoja.

Hatua ya tano: rudi baada ya siku tatu, kisha baada ya juma moja

Tuna daftari la kawaida ambamo aliye zamu huandika tarehe, jina mgeni analopenda kuitwa, swali aliloulizwa, na kama alijibu. Namba za simu na mitaa hatuviandiki humo. Bila daftari, wasimamizi watatu hawawezi kukumbuka nani aliahidiwa nini.

Siku ya tatu unatazama mambo mawili. Kama mgeni aliuliza na hakujibiwa, kosa ni letu, na unamtafutia jibu siku hiyo hiyo huku ukimweleza sababu ya kuchelewa. Kama aliulizwa naye hakujibu, mwandikie faraghani mstari mmoja unaohusu jambo lile lile, bila kumlaumu na bila kumwuliza kwa nini amenyamaza: «Yaya, ile habari ya kola bado ipo, mtu ametuma picha leo, nimeona nikujulishe.» Hapo ndipo tumekuwa tukigundua sababu ambazo hatukuzifikiria: simu ya mtu ni ya mume wake na huipata usiku tu, au aliona mwanamemba mmoja akichekwa kwa tahajia yake siku ile ile aliyoingia. La mwisho hilo halirekebishwi kwa ukaribisho mzuri zaidi. Linarekebishwa kwa kuzungumza na wale waliocheka.

Baada ya juma moja, kama mgeni ameshazungumza hata mara mbili, mwombe jambo dogo ambalo analiweza. Mama Neema tulimwomba, alipoingia fundi mwingine wa Goma mwenye uzi unaokatika, amwambie alichokiona kwenye sindano yake. Alituma picha mbili, sindano iliyokaa vibaya na iliyokaa vizuri, akaandika chini yake, «Angalia kwanza hii, dada.»

Aliye kimya baada ya juma moja simwandikii tena, na simtaji kundini. Watu wengine wameingia kusoma tu, wanajifunza, na siku moja baada ya miezi sita wanaandika swali lao la kwanza. Siku hiyo ninafungua daftari, ninatazama jina alilotaka kuitwa, na ninamjibu kwa jina hilo.